Soseji Bila Kupasuka: Vile Unaipika Ikaiva Hadi Ndani na Ngozi Ikabaki Fiti

Kila msee wa bedsita anaijua hiyo sauti. Umewasha meko, fraipani imeshika moto, mafuta yanatoa moshi kidogo, unatupa soseji ndani, halafu baada ya dakika mbili, paah! Imefunguka tumbo. Mafuta yamerukia ukuta, nyama imechungulia nje, ngozi imejikunja kama soksi. Mbaya zaidi, ukiikata katikati unapata bado ni laini na baridi. Nje imeungua, ndani ni mbichi.

Watu wengi hudhani hiyo ni bahati mbaya, ama ni vile walinunua soseji za bei ya chini. Mara nyingi ni moto. Kupasuka na kubaki mbichi katikati ni shida moja, na dawa yake ni moja pia. Ukielewa kwa nini ngozi inaachilia, hutakuwa tena unasimama mbele ya meko na kifuniko mkononi kama askari wa GSU na ngao yake.

Kwa nini inapasuka

Soseji ni nyama ya kusaga iliyochanganywa na mafuta, maji, viungo na mara nyingi unga ama soya, halafu ikajazwa kwa ngozi nyembamba. Hiyo ngozi inaweza kuwa utumbo wa kondoo ama nguruwe uliosafishwa, ama ile ya kiwanda inayotengenezwa kwa kolajeni, protini inayotolewa kwa ngozi ya ng'ombe. Zote mbili zina tabia moja: zikifika kama digrii 60 hivi zinaanza kujikaza. Zinakuwa fupi na zinabana.

Sasa wakati ngozi inabana, vitu vya ndani vinataka nafasi. Mafuta yanayeyuka na kutanuka, vipovu vya hewa vilivyobaki wakati wa kujaza vinavimba, na maji yaliyo karibu na ngozi yakipata moto sana yanageuka mvuke. Mvuke unataka nafasi kubwa kuliko maji yaliyouzaa, na hauna mlango. Kwa hivyo nje inakaza, ndani inasukuma, na mahali ngozi ni dhaifu ndipo inaachilia.

Na fraipani yenye mafuta ya moto inaweza kupita digrii 180 bila shida. Upande wa soseji uliogusa chuma unafika mbali sana huku katikati bado ni baridi ya frijini. Moto unatembea polepole ndani ya nyama ya kusaga. Hauwezi kuuharakisha kwa kufungua gesi zaidi, utakachofanya ni kuzidisha hasira ya ile sehemu ya nje. Ndio maana unapata soseji imepasuka na bado haijaiva. Unachotafuta ni nje na ndani zipande pamoja, hata kama hazitalingana kabisa.

Stori ya kudunga na uma

Hapa lazima tubishane kidogo na wamathe. Wengi wetu tumefunzwa nyumbani kudunga soseji na uma kabla ya kuipika, "itoe hewa." Inapunguza presha, hiyo ni kweli. Lakini kila tundu pia ni mahali pa mchaniko kuanzia, na ni bomba la kumwaga mafuta na maji ya nyama kwa fraipani. Unabaki na soseji kavu inayotafunika kama kifutio. Halafu yale mafuta yaliyotoka ndiyo yanakurukia mkononi.

Kuna wakati mmoja tu kudunga kuna maana. Ukiiangalia soseji kabla ya kupika na uone kipovu cha hewa kinaonekana chini ya ngozi, kama lengelenge, kidunge na sindano safi ama ncha ya kijiti cha meno, mara moja, hapo tu. Zingine ziache.

Na usichanganye hii na ile mikato ya mshazari ambayo wasee wa chipo huweka kwa soseji kabla ya kuitumbukiza kwa mafuta mengi. Wao wanajua mafuta yao ni moto sana, kwa hivyo wanaipasua wenyewe kabla ijipasue. Inaiva haraka na inakuwa na kingo kavu za kutafuna. Hiyo ni staili yake na iko sawa, ila utamu mwingi umebaki kwa karai.

Kabla ya kuwasha moto

Kama soseji ni barafu, usiipike hivyo. Nje itaiva na kupasuka kabla barafu ya katikati ijue kuna kitu kinaendelea. Itoe frizani uiweke sehemu ya kawaida ya frijini usiku mzima. Huna frijini, ama umekumbuka saa mbili asubuhi ukiwa na njaa? Iache ndani ya pakiti iliyofungwa, iweke kwa beseni ya maji baridi ya mfereji. Kwa zile nyembamba za kawaida, nusu saa ama zaidi kidogo inatosha, ukibadilisha maji mara moja. Usitumie maji moto, na usiache kwa meza kutoka asubuhi hadi jioni. Nje itapata joto la chumba mapema, na bakteria hawangoji katikati iyeyuke.

Kisha zitenganishe. Zikiwa zimeungana kama cheni, kata pale kwa kifundo, si kwa mwili wa soseji. Ukikata karibu na nyama umeshafungua mlango, na nyama itasukumwa nje kwa ile ncha kama dawa ya meno. Mwisho zipanguse na kitambaa safi ama tishu, juu ngozi iliyolowa inarusha mafuta na inashika kwa fraipani. Ngozi ikishika, siku ya kugeuza inachanika hata kama moto ulikuwa sawa.

Fraipani baridi, moto wa chini

Tuchukue mfano: soseji sita za ng'ombe, nene kama kidole gumba, zimetoka frijini, fraipani ya kawaida ya alumini na meko ya kilo sita.

Weka kijiko kimoja cha mafuta kwa fraipani ikiwa bado baridi, panga soseji zote bila kubanana, zizungushe zipakwe mafuta, ndipo uwashe. Ndio, kabla ya moto. Watu hukataa hii mpaka waijaribu. Fraipani ikianza baridi, ngozi na nyama zinapata joto pamoja, na ngozi inaanza kujikaza taratibu badala ya kushtuliwa.

Meko iko na tabia yake. Moto wake umejikusanya katikati, na fraipani nyingi tulizonazo kejani ni nyembamba, kwa hivyo pale katikati ni jehanamu na kando ni vuguvugu. Weka moto wa chini kabisa ambao hauzimiki. Kama hata ule wa chini ni mkali, inua fraipani kidogo kila baada ya muda ama tumia ile nzito uliyopewa na mathe. Panga soseji kwa duara kuzunguka katikati, na kila ukigeuza zihamishe pia: ya upande wa ukuta ije upande wa dirisha. Fraipani iliyojaa kupita kiasi nayo haifai, zingine zitakuwa zinalaliana na hazitaguswa na moto.

Dakika tatu nne za kwanza hutaona kitu cha maana. Usifungue gesi. Ngozi itatoka kwa ile pinki inayong'aa iwe nyeupe-nyeupe isiyong'aa. Baada ya hapo anza kugeuza kila dakika moja hivi, robo duara kila mara, usipige tu upande huu na ule kama chapati. Soseji ni ya mviringo, ina pande nyingi. Ukiiacha upande mmoja muda mrefu, huo upande unajikaza peke yake, soseji inapinda kama ndizi, na kuanzia hapo haitalala tena vizuri kwa fraipani. Ikipinda, sehemu mbili tu ndizo zinagusa chuma, na hizo mbili ndizo zinapasuka.

Geuza na koleo ya jikoni ama vijiko viwili. Uma ukae mezani.

Sikiza fraipani pia. Sauti unayotaka ni ya chini, chiiii, kama mvua ndogo kwa mabati. Ukisikia mafuta yanapiga ta-ta-ta na kuruka, moto uko juu. Usingoje, inua fraipani sekunde kumi na tano hivi halafu urudishe. Na ukiona ngozi imevimba ikawa ngumu na inang'aa kama puto, hiyo ndiyo onyo la mwisho kabla ya paah. Itoe pale katikati mara moja, iweke kwa ukingo.

Rangi itakuja yenyewe karibu dakika ya nane hadi kumi. Hiyo kahawia nzuri haihitaji moto mkali, inahitaji ngozi kavu na muda. Kwa soseji za unene huo, jumla ni kama dakika 12 hadi 15. Zile nene za nguruwe zinaweza kufika 20. Lakini dakika ni makadirio tu. Meko yako si meko ya jirani.

Digrii 71, na kwa nini usizifanyie mchezo

Kipande kizima cha nyama, kama vile mbavu za choma, bakteria wengi hukaa nje, na moto unawamaliza hapo. Soseji ni hadithi ingine. Nyama ikishasagwa, kilichokuwa nje kimechanganywa hadi katikati. Ndani ya soseji ni mahali pa mwisho kupata joto, na E. coli ama salmonela akibaki hapo, wewe ndio utakesha chooni ukihesabu vigae. Kwa mtoto mdogo, mama mjamzito ama mzee inaweza kuwa mambo ya hospitali.

Kipimo kinachokubalika kwa soseji mbichi ya ng'ombe, nguruwe ama mbuzi ni digrii 71 katikati. Ya kuku ni 74. Si joto la mafuta, si joto la ngozi, ni pale katikati kabisa. Na sasa ona hesabu inavyokusaidia: 71 iko chini sana ya joto la kuchemka kwa maji. Kumbe soseji inaweza kuiva kabisa bila maji ya ndani kuwahi kugeuka mvuke. Huhitaji moto mkali. Ule moto wote wa ziada ni wa kupasua ngozi tu.

Themomita ya jikoni ya dijitali yenye sindano ndiyo inamaliza ubishi. Ingiza sindano kwa ncha ya soseji, kwa urefu, mpaka ncha ya sindano ifike katikati. Ukidunga kwa ubavu unatoboa ngozi, na kwa soseji nyembamba ni rahisi upitilize usome joto la fraipani. Pima ile nene zaidi na ile iliyokuwa mbali na moto, usipime ile nzuri. Safisha sindano na maji ya sabuni kabla uipime tena, juu umeitoa kwa nyama ambayo pengine ilikuwa bado mbichi.

Kwa mfano wetu wa soseji sita, masomo yanaweza kwenda hivi: zikiingia ni digrii 6, dakika ya tano 35 hivi, dakika ya tisa zimekaribia 60, na kuelekea dakika ya kumi na tatu ziko 70. Usizime saa hiyo ukiombea. Ngoja isome 71, zima, zitoe kwa sahani na uziache dakika tatu. Joto la nje litaendelea kuingia ndani kidogo, na yale maji ya nyama yatatulia badala ya kukurukia shati ukiuma. Upande ule mwingine, ukizisahau mpaka 85, hazitakudhuru, ila zitakuwa zimekamuliwa maji, kavu, na pengine zimepasuka.

Kuna kitu cha kuchekesha kuhusu themomita na Nairobi. Ukitaka kujua kama yako inasema ukweli, iweke kwa glasi iliyojaa vipande vya barafu na maji kidogo: inafaa kusoma 0. Wengine hujaribu kwa maji yanayochemka wakitarajia 100. Ukiwa Mombasa, sawa. Lakini Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hapa maji yanachemka karibu na 94 ama 95. Kwa hivyo usirudi kwa duka kugombana na msee wa watu. Themomita iko poa, ni mji uko juu.

Na kama huna themomita? Kata ile nene zaidi katikati. Nyama inafaa kuwa imeshikana, si kama uji mzito, na maji yanayotoka yawe meupe yasiyo na damu. Ukiibana na koleo inarudi, haibonyei na kubaki hivyo. Ila jua rangi inadanganya pande zote mbili. Soseji zingine zina dawa ya kuhifadhi ambayo inaacha nyama pinki hata ikiwa imeiva, na nyama ya ng'ombe ya kusaga wakati mwingine inageuka kahawia kabla haijafika 71. Kwa hivyo bila themomita angalia ushikanaji kwanza, rangi ya pili, na ukiwa na shaka iongeze dakika mbili kwa moto ule ule wa chini. Usipandishe moto.

Ukiwa unapikia umati

Hapa ndipo doo zinapotea. Tuseme kuna dem anauza chai, mandazi na soseji nje ya hosteli. Asubuhi ana nusu saa ya kuhudumia wasee ishirini wanaokimbilia klasi. Soseji iliyopasuka kastoma hataki, ama anaitisha ipunguzwe bei. Kumi zikipasuka, faida ya siku imeenda. Na kugeuza soseji ishirini robo duara kila dakika, na bado urudishe chenji, haiwezekani.

Hapo tumia maji kwanza. Chukua sufuria pana, weka maji ya kutosha kufunika soseji, yapashe hadi yatoe vipovu vidogo chini na mvuke juu, lakini yasichemke kwa fujo. Hiyo ni karibu digrii 80. Ingiza soseji, zitakapopoza maji pandisha moto kidogo kisha urudishe. Zile nyembamba zinafika 71 kwa kama dakika 10 hadi 12, na kwa sababu maji hayapiti hapo sana, hakuna presha ya kupasua ngozi. Maji yakianza kububujika kwa nguvu, soseji zinagongana, mvuke unaanza ndani, na umerudi pale pale. Zitoe, zikaushe na kitambaa safi, halafu zipitishe kwa fraipani yenye mafuta kidogo, moto wa wastani, dakika tatu nne za kupata rangi. Zikauke kweli. Soseji yenye matone ya maji kwa mafuta ya moto itakuchoma.

Nyumbani unaweza kufanya hii kwa chombo kimoja: fraipani, soseji, maji robo kikombe, funika dakika sita hivi kwa moto wa chini. Funua, acha maji yaishe yote, ongeza kijiko cha mafuta, endelea kugeuza hadi zipate rangi. Usiongeze mafuta kabla maji kuisha.

Sasa kosa kubwa la biashara. Wengine huzichemsha nusu usiku, wakaziacha kwa sufuria, "nitamalizia asubuhi." Usifanye hivyo kabisa. Nusu-kuiva ni joto zuri kwa bakteria kuzaana, na kati ya digrii 4 na 60 ndiyo wanastarehe. Ukianza kuzipika, zimalize hadi 71. Kama lazima upike usiku, ziive kabisa, zipoe haraka zikiwa zimetandazwa kwa sahani, ziingie frijini ndani ya saa mbili, na asubuhi zipashwe hadi ziwe moto kabisa katikati, 74. Kama huna frijini, pika asubuhi.

Smoki na jiko la makaa

Smoki ni mbichi ama imeiva? Ile ya kawaida imeshapikwa na kufukizwa moshi kiwandani, soma pakiti yako. Wewe unaipasha tu, ndio maana msee wa mkokoteni anaweza kukupa smoki pasua na kachumbari kwa dakika moja. Soseji mbichi haiwezi kufanyiwa hivyo hata kama zinafanana kwa macho. Ukinunua ambazo hazina pakiti na hujui ni gani, zichukulie kama mbichi.

Kwa makaa, subiri moto ushuke na makaa yawe na jivu jeupe juu. Yasukume upande mmoja wa jiko, soseji ziwe upande ule mwingine, ukizungusha hadi zikaribie kuiva, ndipo uzilete juu ya makaa dakika ya mwisho kwa rangi. Mafuta yakidondoka na ndimi za moto zikapanda, zisogeze pembeni. Usimwage maji: jivu litaruka na kutua kwa chakula chako.